Anika, Anua

Wingu lilipanda kutoka ziwani saa nane mchana, mama akaita akiwa jikoni: "Anua kahawa, mjukuu wangu! Anua upesi!" Mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 10, aliyezaliwa na kukulia Sweden, aliitika "Ndiyo, bibi," akatoka mbio. Nilipofika uani nikitokea migombani, alikuwa amekwisha kutoa barazani kikapu cha kahawa kavu, ameimwaga juu ya turubai, anaitandaza kwa mikono miwili huku mvua inamnyeshea.

Kahawa yetu ya Rubafu ni robusta, na huanikwa na maganda yake wiki mbili hadi tatu. Ikikauka sawasawa, ukiitikisa karibu na sikio utasikia buni inalia ndani. Ikilowa kisha ikarundikwa, hupata joto na kuota ukungu. Basi tuliitandaza sebuleni tabaka jembamba, kila apitaye akairuka, na mama hakusema neno mpaka usiku.

Mtoto hakukaidi. Baba yake humsemesha Kiswahili naye huelewa, ila hujibu Kiswidi. Maneno aliyonayo ni ya nyumbani kwao: njoo, kula, lala, funga mlango. Asubuhi ile alikuwa ameanika kahawa pamoja nasi. Aliposikia anua, sikio likashika mwanzo wa neno na kulikamilisha kwa lile alilolijua. Kumbe kwenye vitenzi vyetu kazi nzito imo mkiani.

Usiku nilichukua daftari, nikamwambia anisimulie yaliyotokea, nami nikaandika kwa herufi kubwa sentensi chache tu. Aliposema "kikapu yangu ilijaa," nilimwitikia, "Ehe, kikapu chako kilijaa," nikaandika "Kikapu changu kilijaa" bila kumkatiza. Anayesahihishwa kila neno hurudi kwenye Kiswidi. Asubuhi, kabla ya chai, alimsomea bibi yake ukurasa ule ule. Tangu hapo kila siku tuliongeza jozi moja, ile tuliyoifanya kwa mikono kwanza: funika chungu, funua, ziba tundu la kuku, zibua. Jozi ambayo hakuigusa ilikuwa imempotea kufikia kesho yake.

Siku moja aliingia akatangaza, "Nimevaua viatu." Nilifurahi mno, maana neno hilo hakulisikia kwa mtu, alilitengeneza mwenyewe. Nikamjibu, "Umevua viatu? Viweke mlangoni." Jioni akauliza kama kununua ndiyo kuacha kununa. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamweleza kwamba si kila kitenzi chenye mkia ule kina mwenzake.

Daftari ataondoka nalo, na baba yake amekubali kusoma naye ukurasa mmoja kila usiku. Kule hakuna kahawa ya kuanika, kwa hiyo kurasa za mwisho tumeziandikia nyumba yao: vaa koti, vua koti; funga zipu, fungua zipu; anika soksi, anua soksi.