Namna ya Kumng'oa "Raisi" Bila Kuipindua Wikipedia

Kwenye Wikipedia ya Kiswahili wenzako wanahangaika na makala za mito, wadudu na vijiji, lakini wewe, kabla hata hujaizoea nywila yako, umeshagundua tatizo kubwa zaidi la nchi: neno "raisi". Liko kwenye wasifu wa viongozi, liko kwenye historia ya vyama, na wakati mwingine limezaa: "maraisi", "uraisi". Mtu mvivu angesahihisha pale alipolikuta, akafunga kompyuta, akalala. Wewe unataka lisionekane tena popote kabla ya adhana ya alfajiri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, na kwa ajili ya wakabidhi wa Wikipedia, ambao nao wana haki ya kulala.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaowasahihisha wamekosea kweli

"Linanikera" ni sababu halali ya kuhama meza kwenye mgahawa. Haitoshi kubadilisha kurasa za watu. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kisha Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Zote zinaandika "rais". Sasa una ushahidi, na ushahidi una faida moja ambayo hasira haina: unaweza kuwekwa kwenye ukurasa wa majadiliano.

Uweke huko. Andika mistari mitatu: unataka kubadilisha nini, kwa nini, na utaacha nini. Subiri siku kadhaa. Yamkini hakuna atakayejibu. Usivunjike moyo, kwani kimya hicho kitakufaa siku atakapotokea mhariri mkongwe akiuliza nani alikuruhusu.

Hatua ya pili: tafuta, kisha uogope kidogo

Kisanduku cha kutafutia cha Wikipedia kinaweza kusoma maandishi ghafi ya ukurasa, pamoja na yale ambayo msomaji hayaoni. Jaribu njia hizi mbili, moja baada ya nyingine:

```
insource:"raisi"
insource:/[Rr]aisi/
```

Ya kwanza inatafuta neno zima, liwe na herufi kubwa au ndogo. Haitakuletea "maraisi" wala "uraisi", kwa kuwa kwake hayo ni maneno mengine. Ya pili inatafuta mfuatano wa herufi popote ulipo, hata tumboni mwa neno jingine. Ni nzito kwa seva na huenda ikachoka njiani, ikakupa majibu nusu. Itumie kwa adabu.

Mjitoleaji hodari akiona orodha hiyo huhesabu makosa. Wewe, kwa kuwa unasoma mwongozo, fungua kurasa ishirini na uangalie kila "raisi" amekaa wapi. Utakutana na wageni wanne wasiokuhusu.

Wa kwanza ni Mwingereza. Ndani ya "fundraising" mna herufi r-a-i-s-i, na neno hilo limo katika anwani nyingi za mashirika ya misaada. Ukiamuru kila "raisi" iwe "rais", utapata "fundraisng", neno ambalo halijawahi kuchangisha hata senti moja, na kiungo kitakufa. Kwenye makala za mapishi, zabibu kavu zilizotajwa kwa Kiingereza nazo zitageuka "raisn".

Wa pili ni anwani ya gazeti, ya aina hii:

```
https://example.org/habari/raisi-azindua-daraja
```

Aliyeitunga alikosea, ni kweli. Lakini anwani haisomwi kama sentensi. Ondoa herufi moja tu na msomaji atapelekwa mahali pasipo na kitu, huku wewe ukijipongeza kwa tahajia safi. Jina la faili la picha ni vivyo hivyo: lilivyoandikwa lilipopakiwa ndivyo litakavyoitwa. Ukilisahihisha ndani ya makala, picha inatoweka na mahali pake panabaki maandishi mekundu.

Wa tatu ni nukuu. Kama kichwa cha habari kilichotajwa kwenye tanbihi kilichapishwa na "Raisi", kiache. Kazi ya tanbihi ni kumwezesha mtu kukipata chanzo kilekile. Kukitengeneza kionekane kana kwamba mwandishi wake alikuwa na kamusi ni jambo jingine.

Wa nne ndiye hatari kuliko wote, na alikuwa kweli rais. Ebrahim Raisi aliiongoza Iran tangu Agosti 2021 hadi alipofariki katika ajali ya helikopta tarehe 19 Mei 2024. Jina lake ni Raisi. Hakukosea yeye, hakukosea baba yake, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu haina mamlaka Mashhad alikozaliwa.

Hatua ya tatu: anza na vichwa na viungo

Tuseme kuna makala iitwayo "Maraisi wa" nchi fulani, na makala nyingine kadhaa zina kiungo cha kuielekea. Ukisahihisha viungo kwanza, vyote vitageuka vyekundu, kwa sababu unawaelekeza watu kwenye makala ambayo haipo. Kwa hiyo hamisha makala yenyewe kwanza ipate jina sahihi. Kuhamisha huacha elekezo kwenye jina la zamani, na hivyo viungo vya zamani vinaendelea kufanya kazi huku ukivirekebisha taratibu.

Jamii zina kiburi zaidi. Ukihamisha ukurasa wa jamii, makala zilizomo hazihami nao. Kila moja inabaki imeandikwa jina la zamani mpaka uibadilishe. Na ukifungua makala usilione jina hilo popote, usidhani macho yamekuchezea. Huenda linaletwa na kigezo. Hapo unasahihisha kigezo mara moja, na kurasa zote zinazokitumia zinafuata baada ya muda. Ndiyo sababu pia kigezo hakiguswi na mtu mwenye usingizi: kosa lako nalo litafuata kurasa zote.

Hatua ya nne: kumi kwa mkono, zilizobaki kwa mashine, zote kwa macho

Sahihisha kurasa kumi kwa mkono, kisha subiri hadi kesho. Ni mateso, najua. Lakini kurasa kumi zikiwa na kasoro zinarekebishwa kabla chai haijapoa, na mia nne zinaitiwa kikao.

Kama hakuna aliyelalamika, unaweza kutumia AutoWikiBrowser, programu inayofungua kurasa za orodha yako moja baada ya nyingine, inakuonyesha itakachobadilisha, kisha inakungoja ubonyeze kuhifadhi. Ipe kanuni, usiipe neno tupu:

```
Tafuta:    \b(R|r|Mar|mar|Ur|ur)aisi\b
Badilisha: $1ais
```

Alama `\b` ni mpaka wa neno. Kwa sababu yake "fundraising" inapita salama. Kilichonaswa ndani ya mabano kinarudishwa na `$1`, kwa hiyo herufi kubwa inabaki kubwa na "uraisi" unakuwa "urais". "Kiraisi" haimo kwa makusudi: mara nyingi sentensi yake inahitaji kuandikwa upya, na hiyo ni kazi ya mtu.

Sasa ijaribu kanuni kwenye sentensi moja kabla ya kuiachia uwanja:

```
Raisi Ebrahim Raisi alichaguliwa 2021; maraisi wengine walimpongeza.
Rais Ebrahim Rais alichaguliwa 2021; marais wengine walimpongeza.
```

Mabadiliko matatu: mawili sahihi, moja limembatiza marehemu upya. Ni herufi zilezile, kwenye mstari uleule, na kati yao kuna neno moja tu. Unaweza kuiambia kanuni iruke kila "Raisi" anayetanguliwa na "Ebrahim", lakini aya inayofuata itaanza na "Raisi alisomea Qom", na hapo Ebrahim hayupo wa kumlinda. Anwani ya gazeti nayo haitaokoka, kwa kuwa mkwaju ulio kabla ya "raisi" na kistari kilicho baada yake huhesabiwa kuwa mipaka ya neno. Mashine inajua herufi. Kujua ni herufi za nani ni kazi ya jicho lako, na ndiyo maana kitufe cha kuhifadhi umepewa wewe.

Nenda polepole. Kurasa mia zikihaririwa kwa dakika chache zinajaza Mabadiliko ya karibuni, na nyuma ya pazia hilo mhuni anaweza kuandika matusi kwenye makala ya shule yake bila kuonekana. Weka alama ya mabadiliko madogo. Kazi ikiwa ya mamia, omba ruhusa ya kuifanya kwa akaunti ya boti. Na kwenye muhtasari andika "raisi → rais (tahajia), tazama majadiliano". Ukiandika "marekebisho" tu, hujamwambia mtu kitu.

Mtu akikuandikia ujumbe kazi ikiwa katikati, acha. Usimalize herufi M kwanza. Jibu, ndipo uendelee.

Hatua ya tano: jitafute mwenyewe

Kila badiliko linabaki kwenye historia ya ukurasa na linaweza kutenguliwa, jambo linalowapa wageni ujasiri usiofaa. Utenguzi ni rahisi mradi hakuna aliyegusa sehemu ileile baada yako. Akiigusa, itabidi kurekebisha kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo usisubiri kusutwa. Siku hiyohiyo tafuta makosa ambayo kazi yako ingeweza kuyazaa:

```
insource:"rais rais"
insource:"ebrahim rais"
insource:/raisng/
```

Utafutaji wa kwanza utafichua "Rais Rais wa Iran", cheo ambacho hakipo hata huko. Wa pili utakuonyesha mahali ulipomkata jina. Wa tatu utakuambia kama kuna siku uliisahau `\b`. Kisha bonyeza viungo vya nje vya kurasa chache ulizozigusa uone kama vinafunguka.

Mwisho, rudia utafutaji wa mwanzo. Hapa ndipo mgeni hufurahi akiona sifuri, na hapa ndipo mkongwe huanza kutetemeka. Sifuri maana yake umemgeuza jina mtu wa Mashhad, umezihariri nukuu na umeua anwani. Kazi iliyofanywa vizuri huacha mabaki, na kila baki lina sababu yake. Yaorodheshe kwenye ukurasa wa majadiliano: hili ni jina la mtu, hii ni nukuu, hii ni anwani, hili ni faili. Mjitoleaji mwingine atajiunga wiki ijayo, atamwona "Raisi", na atakuwa na haraka kuliko wewe.