Bwana Mabano

Desemba Wachagga hupanda mlima na sisi wake zao tunapandishwa nao. Mimi ni mtu wa Pangani, nimeolewa Kirua Vunjo, na kwa mwaka wa tatu nilifika kihambani nimeapa kwamba safari hii sitarudi Tanga bila Kichagga. Salamu ya shimbonyi ninayo, jibu la shicha ninalo, na aika ya kushukuru. Baada ya hapo nilikuwa nategemea uso wangu mzuri.

Kikwazo kilikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mama mkwe akimaliza sentensi, kabla haijatua, shemeji anaikamata na kuifungulia mabano: (Mama anasema kahawa imeiva mapema mwaka huu.) (Mama anasema sogea, moshi utakuumiza macho.) Siku moja mama alizungumza kwa muda wa kumenya mkungu mzima wa ndizi, akicheka, akipiga paja, akionyesha mgombani. Nikamgeukia shemeji. "Anasema karibu," akasema.

Siku ya tatu nikagundua jambo la aibu: mama akizungumza, mimi namtazama shemeji mdomo. Sauti ya mama ilikuwa imegeuka kengele ya kuniarifu kwamba Kiswahili kiko njiani. Sikio halina ujinga. Likijua chakula kitaletwa kimetafunwa, halitoi meno.

Nikamwomba aache. Akaacha, pengine kwa nusu dakika. Kisha akaanza kunong'ona, kisha kutafsiri kwa nyusi. Nilipomkemea alinijibu kwa uchungu: "Shemeji, tukiongea kilugha mbele yako utasema tunakusengenya." Hapo nikamwelewa. Ile tafsiri ilikuwa adabu, na mtu humkatazi adabu bila kumpa kazi nyingine ya kufanya. Ubaya ni kwamba adabu hiyo ilikuwa inaambukiza. Mama naye akaanza kusema kila kitu mara mbili, Kichagga halafu Kiswahili, na kwa kuwa hakuna mwenye akili anayependa kusema jambo mara mbili, jioni ile alikuwa amebaki na Kiswahili kitupu.

Basi tukapatana. Siku ya kupika mbege, toka moto uwashwe mpaka chungu kiepuliwe, Kiswahili kimefungwa. Nisipoelewa, mama arudie polepole au anyooshe kidole. Nikielewa vibaya, anishike mkono. Maswali yangu niyaweke mpaka usiku, na yasizidi matano. Tukaacha mlango mmoja tu wazi: jambo la kuungua au la ng'ombe kupiga teke lisemwe kwa lugha yoyote, hata Kichina. Shemeji tukampeleka kukata majani ya ng'ombe, maana kumnyamazisha mkalimani bila kumweka mbali ni bure.

Ndizi mbivu zilikuwa zimechemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Siku hiyo ilikuwa ya uji wa kimea cha ulezi na maji ya gome la msesewa, lile linaloipa mbege uchungu wake. Saa ya kwanza nilitoka jasho kama mtahiniwa. Ya pili, maneno yakaanza kujitenga, kama mchele na chuya. Nikamsikia mama akiutazama uji na kusema sentensi ndefu iliyokuwa na mringa ndani yake. Mringa! Maji! Nilikuwa nalijua tangu kisimani. Sikungoja. Nikanyanyua ndoo nikamimina.

Mama alipiga ukelele usiohitaji lugha.

Usiku, katika swali langu la kwanza, nikaelezwa. Sisi kwenye Kiswahili kukanusha tunakuweka mlangoni: *ha*uhitaji, *si*taki. Kichagga cha mama kinaacha mtu aseme weee, halafu kinafunga kwa kijineno kidogo mwishoni, *pfo*, na hicho ndicho kinachokanusha yote yaliyotangulia. Mama alisema uji ule hauhitaji maji. Na mimi mwisho wa sentensi sikuwahi kuusikia tangu niolewe, kwa sababu hapo ndipo shemeji alipokuwa akiingia na mabano yake.

Siku zilizofuata nikawa nakaa mkiani mwa kila sentensi, navizia pfo kama paka. (Dada mmoja wa Machame niliyekwenda kumtambia mjini Moshi aliniambia hicho si Kichagga, ni Kivunjo. Hilo ni la mwakani.)

Krismasi wazee wakaja. Mbege ikamiminwa kwenye kata, nyepesi, inang'aa zaidi kidogo kuliko inavyopaswa. Meku wa jirani akapiga funda, akachungulia ndani ya kata, akanitazama mimi, akasema sentensi ndefu ya taratibu. Shemeji akafungua mdomo. Mama akamkabidhi kata iliyojaa, akamwinulia kitako chake mpaka akawa hana budi kunywa.

Nikasikiliza mpaka mwisho kabisa. Pfo.