Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Dirisha

Mheshimiwa Dirisha,



Yahusu: kiwanja cha marehemu baba yetu, Mabela, mita za mraba 600.

Baba tumemzika mwaka wa tatu huu, lakini kwenye mulkia yako yeye bado ndiye mwenye mali. Ahsante kwa kumrefushia umri.

Hujapata kusema uwongo, Mheshimiwa. Ila kweli mbili hutoi siku moja. Siku ya kwanza tulikuletea cheti cha kifo, kadi zetu, mulkia na kroki ya kiwanja. Ukasema cheti kinaeleza nani kafa, hakielezi nani anarithi. Kweli. Tukaenda mahakamani na mashahidi wawili, tukapewa hati ya warithi: mama, ndugu wawili wa kiume na sisi wanawake watatu.

Baba hakuacha deni wala wasia, hivyo hesabu ilikuwa nyepesi. Mama thumuni yake. Thumuni saba zilizobaki, kila mwanamume mbili, kila mwanamke moja. Zikaisha bila kubaki punje.

Siku ya pili ndipo uliposema lazima warithi wote wafike, au walete wakala. Dada yetu mkubwa yuko Unguja. Akaandika wakala huko, ikafasiriwa Kiarabu, ikagongwa mihuri ya serikali, kisha ya ubalozi mdogo wa Oman. Ikafika Maskati imechoka kuliko abiria.

Siku ya tatu ukaiangalia, ukatabasamu. Hati ya warithi imemwandika kwa jina la kabila. Pasi yake ya Tanzania ina jina lake, la baba na la babu, basi. Kwako hao ni wanawake wawili, na mmoja wao hamrithi baba. Mama aliyewazaa anakumbuka uchungu mmoja tu, lakini uchungu hauna muhuri. Dada akaenda kwa hakimu kuapa kuwa yeye ni yeye, na mihuri ikaanza upya.

Laiti ungebandika karatasi moja ukutani: “Kabla ya kwenda mahakamani, pangeni vitambulisho vya warithi wote mezani, msome majina herufi kwa herufi.” Tungeokoa miezi.

Sasa mulkia mpya i karibu, yenye majina sita. Najua thumuni yangu ni sawa na mita 75, lakini siwezi kuzizungushia ukuta: ni fungu ndani ya kiwanja kizima. Kaka mmoja akitaka kiwanja kiwe chake, atatulipa mafungu yetu, nasi tutakuja kwako kutia saini ya kujitoa.

Sote sita, Mheshimiwa. Na wakala mpya kutoka Unguja, kwa sababu ile ya kwanza, umeniambia leo, ni ya kurithi, si ya kuuza.

Wako mtiifu,
Thumuni Moja,
Mabela