Tundu Moja, Tabia Tofauti

Tuliambiwa USB-C imekuja kutuondolea lile fungu la chaja zisizofanana. Kweli, sasa zote zinafanana, na balaa ndilo hilo: kwa macho huwezi tena kujua waya upi una kazi gani.

Nilitaka jambo dogo tu. Simu yangu ya Samsung ina DeX, mfumo unaoigeuza iwe kama kompyuta, na madirisha yake na vialama vimejipanga chini. Ulipoanza na Galaxy S8 mwaka 2017 ulidai kitako maalumu cha kusimamishia simu. Tangu Note 9 ya 2018, waya unatosha. Sasa waya gani?

Nikachomeka ule wa chaja kwenye skrini yenye tundu la USB-C. Simu ikaanza kuchaji vizuri kabisa. Skrini ikaandika No Signal, ikajizimia. Nikaenda dukani kuuliza, kijana wa pale akanitazama kwa huruma: "Mzee, Taipu-C ni Taipu-C tu, labda skrini imekufa." Skrini nzima nitupe kwa ajili ya kamba!

Skrini ilikuwa hai. Nyaya nyingi za chaja zina njia ya umeme na jozi moja ya data ya mwendo wa kobe, basi. Picha hupita kwenye jozi nyingine za kasi, na hizo mtengenezaji amezibania ili kupunguza gharama. Nikapata waya mnene, mfupi, ulioandikwa kwenye boksi kwamba unapitisha video, na DeX ikafunguka papo hapo. Bei yake sitaitaja. Mke wangu husoma safu hii.

Shemeji akaona, akaleta simu yake mpya, tundu lilelile. Tukachomeka kwa waya uleule: kimya. Yake ni ya bei ya kati, na tundu lake kwa ndani ni USB 2.0, halina njia ya kutolea picha. Hapo hata ununue waya wa dhahabu. Ilitakiwa atafute neno DisplayPort kwenye sifa za simu kabla ya kulipa, lakini nani huwaza hayo akiwa mbele ya kamera zinazong'aa? Alikunja uso kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza.

Nikamwambia akae basi aone yangu. Kioo cha simu kimekuwa kipanya, nasogeza kidole, mshale unatembea, najidai. Mara ujumbe ukachomoza pembeni mwa skrini, herufi kubwa za kusomeka hadi mlangoni, kutoka kwa mweka hazina wa kikoba: "Kaka, lile rejesho vipi?"

Shemeji alicheka mpaka akaomba maji.