Gramu mia tatu na harufu ya makayabo

Barua pepe ya kwanza kwa mnunuzi wa ng'ambo husomwa kwa dakika moja, ikisomwa. Mchoma kahawa wa Hamburg au Trieste hutafuta mambo machache: ni arabika au robusta, imetoka wapi, ipo kiasi gani ghalani, na kiasi cha chini kinachouzwa. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyajibu yote kwa sentensi moja: «Tuna kahawa nyingi nzuri, karibuni.» Akaambatisha picha kumi na moja, saba zikimwonyesha yeye mwenyewe kando ya gari, na kuituma kwa watu arobaini kwa mkupuo, kila mmoja akiziona anwani za wenzake thelathini na tisa.

Hata hivyo mmoja alijibu: kiasi cha chini ni kipi? Kwa ukarimu wa sokoni, akaandikiwa: gunia moja. Gunia la kahawa ni kilo 60, na hakuna lori linalotoka Butembo, likapita Beni na mpaka wa Kasindi, likavuka Uganda hadi Mombasa kwa ajili ya kilo 60. Karatasi za ONAPAC, za forodha na za afya ya mimea nazo hazipungui mzigo unapopungua. Kipimo cha kawaida ni kontena ya futi 20, yaani magunia 320, tani 19.2. Anayetaka kidogo huelekezwa kwa mwagizaji wa kwao anayegawa kontena.

Sampuli ndiyo iliyomwaibisha zaidi. Mnunuzi huomba gramu 300 hivi za kahawa mbichi, achome kidogo na kuonja. Zinapaswa kuchotwa kwenye magunia mengi ya fungu lile lile litakalouzwa, kwa chuma chenye mfereji kinachochomwa guniani, kisha zichanganywe. Unyevu uwe kati ya asilimia 10 na 12. Nusu hubaki nyumbani, imefungwa na kuandikwa namba na tarehe, ili siku ya ugomvi pawe na shahidi. Bwana huyu aliketi barazani na jamaa zake, wakachagua punje moja moja kama mchele wa harusi. Hata fungu lenyewe lingefika, lisingefanana nazo.

Halikufika. Kifurushi cha sampuli kilipanda basi la Beni ndani ya katoni moja na makayabo ya shemeji, na kahawa mbichi hunyonya harufu upesi. Mnunuzi aliuliza swali moja tu: shamba liko karibu na bahari?

Barua ya pili ilikuwa na mistari sita, bila picha: arabika iliyooshwa, jina la kilima, mwaka wa mavuno, magunia 320, bei ya mzigo uliokwisha kupakiwa melini Mombasa, na sampuli yenye namba ya fungu. Ilitumwa kwa mtu mmoja. Makayabo yalibaki Butembo.