Yanakuja, Baba

Wenye gesti wa Kasulu, leo nina kesi nanyi. Kibao chenu kinasema maji ya moto yapo saa 24, na sikatai, yapo. Yapo kwenye tangi la sola juu ya mapokezi. Mimi mmenipa chumba cha mwisho kabisa, jirani na banda la kuku, na alfajiri ya Julai huku milimani haina utani.

Ukimwita mhudumu, jibu lake ni lile lile: "Fungulia tu baba, yanakuja." Yanatoka Kibondo?

Tupige hesabu. Bomba la robo tatu inchi hubeba kama robo lita kwa kila mita. Likiwa na urefu wa mita 20, lita 5 zimelala humo usiku kucha, na lazima zitoke kwanza. Koki yenu inayotiririsha lita 2 kwa dakika itachukua dakika mbili na nusu kuzimaliza, na hata ya moto yanayofuata yanapoozwa njiani na bomba lenyewe. Nikifunga koki, lita 5 nyingine za moto zinabaki bombani zikipoa. Nimemwaga ya baridi, nimewaachia kuku ya moto.

Huko Kibondo kuna mwenye gesti aliyeyavika mabomba yake sponji nyeusi. Si kazi bure: ukioga muda mfupi baada ya jirani yako, unayakuta yangali vuguvugu. Lakini sponji huchelewesha tu kupoa, haichemshi maji. Anayeamka wa kwanza bado anatetemeka. Tena kipande cha nje kimeachiwa jua bila kufunikwa, sasa kinameguka.

Fundi wake akamletea dawa kubwa: bomba la pili la kurudisha maji tangini, na pampu ndogo ya kuyazungusha. Dawa hiyo ni ya kweli, ila ina masharti. Pampu ikizunguka usiku kucha, joto lililokusanywa na jua linapotelea ukutani, na asubuhi wageni wote tunaoga baridi kwa usawa. Inataka swichi ya saa iiwashe alfajiri tu, valvu ya kuzuia maji yasirudi kinyume, mabomba yote mawili yavikwe sponji, na umeme usikatike saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo, wenye gesti, ambao hamjajenga wekeni mabafu karibu na tangi, na bomba la kwenda chumba kimoja liwe la nusu inchi. Lina maji machache ya kusukuma. Mliokwisha kujenga, fungeni hita ndogo ya umeme kwenye bafu la mwisho, na fundi asisahau waya wa ethi. Yote yakiwashinda, nileteeni ndoo mlangoni kama zamani. Ile ilikuwa inafika ya moto.