Mhadhara wa Bingwa wa Petali, Ukumbini Endarasha

Akina mama wa Endarasha, nanyi wazee mliofuata chai mkaangukia elimu, ketini. Aliyesimama mbele yenu ni bingwa wa kudarizi kuanzia Mweiga hadi Naro Moru, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kusubiri sana bila mpinzani kujitokeza.

Nimekagua vitambaa vya makochi yenu. Nimeona mawaridi yenye mistari kama soksi za shule! Pinki inakomea hapa, nyekundu inaanzia pale, na mpaka wake unaonekana hata na aliye barabarani. Mmekosea wapi? Mnabadilisha mshono mrefu na mfupi katika kila safu. Mchezo huo ni wa safu ya kwanza peke yake.

Tuchukue petali moja ya waridi, sentimita 3 kutoka ncha hadi kitovu. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6 ndani yake. Chomoa mmoja tu. Kwanza zungusha ukingo kwa mishono midogo, kisha anza nchani kwa pinki hafifu: sindano itoke ndani ya petali na izame nje kidogo ya ule ukingo, mshono mrefu wa sentimita moja, wa pili mfupi zaidi, bila kupimapima. Ukipanga urefu sawasawa kama meno ya msumeno, meno hayo hayafichiki tena.

Safu ya pili, pinki iliyokolea, ndiyo iliyonipa jina. Sindano inatoka chini ya kitambaa na kuupasua uzi wa safu ya kwanza katikati, si kwenye mwisho wake. Sasa mishono yote iwe mirefu, ila mmoja uanzie juu zaidi, jirani yake chini zaidi. Ukianzia pale uzi wa kwanza ulipoishia, utapata vitundu na mstari uleule wa aibu. Na kila mshono uelekee kitovuni. Petali inapobana, ruka mishono kadhaa, la sivyo kitambaa kitafura.

Tukifika damu ya mzee ya kitovuni, kuna pengo kubwa kutoka pinki. Dukani hakuna rangi ya katikati? Tunga uzi mmoja wa kila rangi katika sindano moja, ushone safu hiyo ya mpito. Itanenepa kidogo. Vumilieni.

Mama mmoja ananiuliza habari za maua ya pareto. Mama, petali ya pareto ni nyembamba na nyeupe. Safu tatu utaziweka wapi? Ishone kwa mshono mmoja ukalale.

Kupima kazi, isimamishe dirishani, urudi nyuma hatua tano, ufinye macho. Mstari ukibaki, ongeza mishono michache ya rangi ya chini ipenye juu. Ukungu wa Nyandarua ukishashuka msichague rangi. Pinki zote zitawadanganya kuwa ni moja.

Maswali ni baada ya chai. Anayetaka kugeuza kitambaa changu aone mgongo wake, asubiri nikishapanda matatu.